Dondoo Muhimu: Orodha ya Vyakula kwa Msimbo wa QR

Kwa kuwa msimbo hubeba anwani tu, wala si bei zenyewe, mwenye mkahawa wa Lubumbashi, ambaye kupanda na kushuka kwa faranga humlazimu kubadili bei ya bukari na samaki, aweza kuzisahihisha bila kuchapa upya, madhali anwani haikuguswa.

1. Andika orodha katika Google Docs, ukimruhusu kila mwenye kiungo asome tu, asihariri.
2. Tengeneza msimbo wa kudumu wenye anwani ya waraka huo. Jihadhari na huduma za majaribio, ambazo muhula ukiisha hukata njia.
3. Bei ikibadilika, hariri waraka ule ule. Ukiunda mwingine, msimbo wa mezani utaendelea kuonyesha bei za kale.
4. Chapa mweusi juu ya weupe, upana usiopungua sentimita 3, kisha ujaribu kwa simu isiyo yako.