Soma Daraja Kabla ya Kusoma Mshahara: Jinsi ya Kulielewa Tangazo la Kazi la Shirika la Kimataifa

Katika somo hili tunaanza na tangazo la mfano, tulilolitunga kwa kuunganisha sifa zinazojirudia katika matangazo ya ulaghai. Mhitimu wa shahada ya kwanza anayeishi Lagangabilili, wilayani Itilima, anapokea ujumbe katika kundi la WhatsApp. Ujumbe una nembo ya shirika la Umoja wa Mataifa na maelezo haya: Afisa Uwandani, `Level: P-3`, `Duty Station: Itilima`, kwa Watanzania pekee, elimu ya kidato cha nne, uzoefu wa mwaka 1, mshahara wa shilingi 2,800,000 kwa mwezi. Mwombaji anatakiwa kutuma shilingi 45,000 za fomu na vipimo vya afya kabla ya siku ya usaili.

Wengi wangeanza kwa kuutazama mshahara. Sisi tunamshauri msomaji aanze na herufi na tarakimu iliyoandikwa mbele ya neno `Level`, kwa sababu alama hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba tangazo hili haliwezi kuwa la kweli.

Herufi inaeleza nani anaajiriwa, na kutoka wapi

Mashirika mengi ya Umoja wa Mataifa hufuata mfumo mmoja wa madaraja, unaosimamiwa na Tume ya Kimataifa ya Utumishi wa Umma. Makundi matatu ndiyo yanayomhusu zaidi mwombaji wa Tanzania.

Kundi la kwanza ni G, kuanzia G-1 hadi G-7. Hawa ni watumishi wa huduma na utawala: madereva, wahudumu wa ghala, makarani, wasaidizi wa fedha na wasaidizi wa miradi. Huajiriwa kutoka katika eneo la kituo cha kazi. Kwa kawaida elimu ya sekondari inatosha, ila miaka ya uzoefu huongezeka kadiri daraja linavyopanda. Katika UNICEF, kwa mfano, G-5 huhitaji uzoefu wa miaka 5 na G-6 miaka 6.

Kundi la pili ni NO, yaani maofisa wa kitaifa. Huandikwa NO-A, NO-B na kuendelea hadi NO-E. UNICEF huandika NO-1, NO-2 na kuendelea. Nafasi hizi ni za raia wa nchi husika pekee, kwa kuwa kazi yenyewe hudai kuijua nchi kwa undani: sheria zake, lugha yake na taasisi zake. Elimu ya chuo kikuu ni lazima.

Kundi la tatu ni P, kuanzia P-1 hadi P-5, na juu yake D-1 na D-2. Hawa ni wataalamu wanaoajiriwa kimataifa. Nafasi iko wazi kwa mataifa yote, na kwa kawaida mtumishi hupangiwa kazi nje ya nchi yake. Katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, P-2 huhitaji shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 2, P-3 miaka 5, na P-4 miaka 7. Mwenye shahada ya kwanza pekee mara nyingi hukubaliwa akiwa na miaka 2 zaidi ya uzoefu.

Sasa turudi kwenye tangazo letu. Linasema P-3, kisha linasema kwa Watanzania pekee. P haifungwi kwa raia wa nchi moja namna hiyo. Linasema P-3, kisha linataka kidato cha nne na mwaka 1. P-3 hudai shahada na miaka 5 au zaidi. Hitilafu hizo mbili zinatosha, kabla hatujafika kwenye shilingi 45,000.

Daraja linaeleza pia sarafu ya mshahara

Watumishi wa P hulipwa kwa jedwali moja la dunia nzima lililoandikwa kwa dola za Marekani, pamoja na nyongeza inayobadilika kulingana na gharama za maisha za kituo. Kwa hiyo P-3 yenye mshahara wa shilingi ni hitilafu ya tatu katika tangazo letu.

Watumishi wa G na NO hulipwa kwa jedwali la nchi, lililoandikwa kwa sarafu ya nchi hiyo. Hapa Tanzania ni shilingi. Jedwali hilo hutokana na uchunguzi wa mishahara ya waajiri bora waliopo nchini, ndiyo maana msaidizi wa G-5 nchini Tanzania na mwenzake wa G-5 nchini Uswisi hawalipwi sawa, ingawa alama ya daraja ni ileile.

Majedwali haya hutangazwa hadharani, na anayeyasoma kwa mara ya kwanza aangalie mambo mawili. La kwanza, kiasi kilichoandikwa ni cha mwaka mzima. Ni lazima kigawanywe kwa 12. La pili, kila daraja lina hatua kadhaa. Anayeanza kazi hutegemea zaidi hatua ya kwanza, kisha hupanda kadiri anavyotumikia vizuri. Atakayetazama hatua ya mwisho na kudhani ndiyo ya kuanzia atakuwa amejipangia bajeti ya fedha ambazo hatazipata kwa miaka mingi.

Msomaji atambue pia kwamba si kila anayefanya kazi chini ya nembo ya Umoja wa Mataifa ni mtumishi wake. UNDP hutumia mkataba uitwao NPSA, wenye ngazi 1 hadi 11, na NPSA-8 si daraja la juu kuliko G-7 kwa sababu tu 8 ni kubwa kuliko 7. Ni ngazi za mfumo mwingine, wenye masharti yake. Wapo pia watu wa kujitolea, ambao hupewa posho ya kujikimu wala si mshahara, na washauri waelekezi wanaolipwa kwa kazi maalumu bila likizo wala pensheni. Mstari wa `Contract Type` ndio unaoeleza hayo.

Mashirika yasiyo ya kiserikali: mshahara ghafi si fedha ya mkononi

Mashirika yasiyo ya kiserikali hayana jedwali la pamoja. Kila moja lina ngazi zake, na mengi hayaandiki mshahara kwenye tangazo. Daraja la 7 katika shirika moja linaweza kuwa sawa na la 4 katika jingine. Hivyo swali la kuuliza unapopewa ofa ni hili: je, kiasi hiki ni ghafi au ni baada ya makato?

Tufanye hesabu. Mhitimu wetu amepewa ofa na shirika la namna hiyo mjini Bariadi: mshahara wa msingi wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi, ghafi, bila posho.

Kwanza hukatwa mchango wa NSSF wa asilimia 10, yaani shilingi 180,000. Zinabaki 1,620,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya PAYE. Kwa kipato kinachozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kodi ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi. Kinachozidi hapa ni 620,000, na asilimia 30 yake ni 186,000. Jumla ya kodi ni 314,000. Kinachobaki ni shilingi 1,306,000.

Iwapo alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 270,000. Mkononi hubaki shilingi 1,036,000. Aliyekubali ofa huku akihesabu 1,800,000 atakuwa amekosea kwa zaidi ya theluthi moja.

Kwa mtumishi wa G au NO hesabu ni tofauti. Umoja wa Mataifa hufanya makato yake wa ndani badala ya kodi ya nchi, na jedwali huonyesha kiasi ghafi na kiasi cha baada ya makato hayo. Hata hivyo kiasi hicho cha pili nacho hupungua kwa mchango wa pensheni na bima ya afya. Deni la mkopo wa elimu hubaki palepale hata kama mwajiri halikati; mdaiwa hulazimika kulipa mwenyewe. Kwa sababu hiyo, usilinganishe kamwe kiasi ghafi cha shirika moja na kiasi cha baada ya makato cha jingine. Zishushe ofa zote mbili hadi fedha ya mkononi, kisha utazame muda wa mkataba: mkataba wa mradi huisha fedha za mfadhili zinapoisha.

Saa ya mwisho ya kutuma maombi

Nafasi zilizo kwenye `careers.un.org` hufungwa saa 11:59 PM kwa saa za Nyu Yoki. Kwa saa zetu hiyo ni saa 12:59 asubuhi ya siku inayofuata, au saa 1:59 asubuhi katika miezi ambayo Marekani imerudisha saa nyuma. Matangazo mengine hufuata saa za Afrika Mashariki: hapo 11:59 PM ni saa 5:59 usiku wa siku hiyohiyo. Soma saa za wapi zimetajwa. Mtandao wa Lagangabilili unaweza kukatika usiku wa mwisho, basi tuma siku mbili kabla.

Kabla ya kutuma chochote, jiulize

1. Je, daraja, uraia, elimu, miaka ya uzoefu na sarafu vinakubaliana?
2. Je, nafasi hiyo ipo kwenye tovuti ya shirika lenyewe? Andika anwani mwenyewe, kama `jobs.unicef.org`, badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa.
3. Je, kuna fedha inayodaiwa? Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote: si maombi, si usaili, si uchakataji wa nyaraka, si mafunzo.

Jibu la tatu likiwa ndiyo, usilipe, hata kama majibu mawili ya kwanza yanaridhisha. Hifadhi ujumbe huo, utume pamoja na namba ya aliyeutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu. Ikiwa fedha imekwishatumwa, wasiliana na mtandao wako wa simu mara moja uombe muamala uzuiwe, kisha toa taarifa kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu ya muamala huo.