Kanuni ya Kirchhoff na Bati la Paa: Ufyonzaji na Utoaji Huwa Sawa Lini?

Kanuni aliyoitoa Gustav Kirchhoff mwaka 1859 hufupishwa darasani kwa maneno machache: kifyonzacho vizuri hutoa vizuri. Ufupisho huo umedondosha sharti muhimu. Kirchhoff alieleza kuwa usawa upo kwa kila urefu wa wimbi, ukichukuliwa mmoja mmoja. Jumla ya mawimbi yote huwa sawa katika hali mbili tu: uso uwe wa kijivu, yaani usibague mawimbi, au mnururisho unaouangukia utoke kwenye gimba jeusi lenye halijoto ileile ya uso huo.

Bati jipya la paa mjini Kakamega, saa sita mchana, halitimizi hata moja. Jua lina takriban kelvini 5800, na nishati yake karibu yote huja kwa mawimbi mafupi kuliko maikrometa 3. Bati lenye kelvini 330, sawa na selsiasi 57, hutoa mawimbi marefu zaidi ya hapo. Lenyewe hufyonza takriban 0.65 ya mwanga wa jua, lakini katika mawimbi marefu uwezo wake ni kama 0.25 tu.

Ikichukuliwa kwamba jua linaleta wati 900 kwa kila mita mraba, bati hufyonza wati 585. Gimba jeusi la kelvini 330 lingetoa wati 672. Bati hutoa robo yake, wati 168. Mwanafunzi anayetumia 0.65 pande zote mbili atapata wati 437, na kudhani paa limejipunguzia mzigo. Kumbe wati 417, wala si 148, zinasubiri kuchukuliwa na upepo au kushuka chumbani. (Mnururisho wa anga umeachwa kando ili hesabu iwe nyepesi.)

Rangi nyeupe hugeuza mambo. Hufyonza takriban 0.25 ya mwanga wa jua, yaani wati 225, ilhali katika mawimbi marefu hutoa 0.9, yaani wati 605. Paa hilo haliwezi kubaki kwenye kelvini 330 chini ya jua hilo, litapoa. Hapa lugha ya kawaida hupotosha, kwa kuwa kinachoitwa cheupe kwa jicho ni karibu cheusi kwa mawimbi marefu.

Usiku ufupisho wa darasani hurejea kufaa. Anga hutuma mawimbi marefu, nalo bati hutoa mawimbi marefu, hivyo 0.25 hutumika pande zote ingawa halijoto hazilingani kabisa.

Bati likipiga kutu, uwezo wake hupanda hata katika mawimbi marefu na kuukaribia ule wa mwanga wa jua. Uso wake huelekea ukijivu, na makosa ya hesabu ya mchana hupungua bila mkokotoaji kutambua sababu.