Kabla Hujazima Kichomea Taka: Mafunzo Niliyopata kwenye Otoklevu za Hospitali za Wilaya

Najua unachokitaka. Umepangiwa hospitali ya wilaya, ukiwa afisa afya au fundi vifaatiba, na nyuma ya majengo umekuta tanuri la matofali la aina ya De Montfort. Jioni likiwashwa, moshi unaingia wodi ya watoto. Umeshaandika dokezo kwa mganga mfawidhi ukiomba otoklevu ya taka, au umesikia habari za maikrowevu na unataka kujua ipi inafaa. Nimeitumikia kazi hii hadi kustaafu, nyingi yake katika Nyanda za Juu Kusini. Haya ndiyo ningependa uyajue kabla mashine haijashushwa kwenye lori.

1. Moshi mbaya zaidi unatoka kwenye mipira ya dripu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ubaya wa moto ni vijidudu vinavyoponyoka. Mwanakemia mmoja aliyetutembelea alichokonoa jivu letu kwa fimbo, akatuonyesha shashi iliyoungua nusu na sindano nzima. Halafu akauliza mipira ya dripu tunaichomea wapi. Tulimwonyesha tanuri lile lile.

Mipira mingi ya dripu na mifuko ya damu hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ndani yake mna klorini. Ikiungua kwa moto hafifu, klorini hiyo huungana na mabaki ya kaboni na kutoa dioksini na furani, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi zizipunguze. Ili kuzidhibiti, gesi za moto zinatakiwa zikae kwenye joto la nyuzi 850 au zaidi kwa muda wa kutosha, kisha zipozwe haraka. Tanuri la matofali hukaribia joto hilo likiwa limeshapata moto sawasawa kwa kuni kavu. Wakati wa kuwasha na wakati wa kufifia halifiki, na katika hospitali ndogo yenye taka chache kwa siku, kuwasha na kufifia ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake.

Otoklevu hufanya kazi kwenye nyuzi 121, au 134 kwa mashine zenye uwezo huo. Plastiki hulainika na kujikunja, lakini haiungui, na klorini hubaki ndani yake. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mganga mfawidhi, kwa sababu mipira hiyo anaiona kila siku kwenye ndoo za wodi.

2. Geji inasoma presha, haisomi joto

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Nilitumwa hospitali moja ya nyanda za juu, mwinuko wa karibu mita 1,900, kukagua otoklevu iliyokuwa imefungwa miezi michache. Ilikuwa ya aina rahisi, ambayo mvuke huingia juu na kusukuma hewa itokee chini. Mhudumu alikuwa makini. Geji ilifika baa 1.05, akahesabu dakika 30, na utepe wa kiashiria uliobandikwa juu ya mifuko ulibadilika rangi kila mara. Daftari lake lilikuwa safi.

Tukachukua kichupa chenye spora za *Geobacillus stearothermophilus*, bakteria sugu sana kwa mvuke, tukakifunga kwa uzi mrefu na kukiweka katikati ya mfuko kabla haujafungwa. Uzi tuliuacha uning'inie nje, maana hakuna ruhusa ya kuingiza mkono kwenye taka kutafuta kichupa. Baada ya mzunguko tulikivuta, tukakiweka kwenye kiatamizi cha nyuzi 56 pamoja na kichupa cha pili cha kundi lile lile ambacho hakikupita kwenye mashine. Kesho yake vyote viwili vilikuwa vimegeuka kutoka zambarau kuwa njano. Njano maana yake spora ziko hai na zinaota. Kile cha pili kilitakiwa kuwa njano, kwani ndicho kinachothibitisha kwamba kundi zima la vichupa si bovu. Kile cha katikati ya mfuko hakikutakiwa.

Sababu zilikuwa mbili, na zilisaidiana. Ya kwanza ni mwinuko. Geji huonyesha tofauti kati ya presha ya ndani ya mtungi na ya nje. Dar es Salaam hewa ya nje ina presha ya takriban baa 1, lakini pale mlimani ni kama baa 0.8. Mvuke safi unahitaji jumla ya baa 2.05 ili ufike nyuzi 121. Ukichukua 0.8 ya nje ukaongeza 1.05 ya geji, unapata 1.85, na mvuke wa presha hiyo una nyuzi kama 118 tu. Nyuzi tatu zilizopungua zinaonekana chache, lakini kwa spora hizi joto likishuka nyuzi 10 muda unaotakiwa huongezeka takriban mara 10, kwa hiyo nyuzi 3 pekee zinadai karibu muda maradufu. Pale mlimani geji ilipaswa kusoma 1.25.

Sababu ya pili ndiyo kubwa: hewa. Mtungi wenye mchanganyiko wa hewa na mvuke unaweza kufikisha presha ile ile bila kufikisha joto. Hata usawa wa bahari, geji ikisoma baa 1.05 huku nusu ya hewa bado imo, joto ni kama nyuzi 112. Hewa ni nzito kuliko mvuke, hivyo hutuama chini kama maji kwenye ndoo. Na kweli, mifuko ilikuwa imepangwa ndani ya mapipa ya bati yasiyo na matundu, imefungwa mafundo ya kukaza, imeshindiliwa mpaka mfuniko ukagoma. Utepe ulibadilika rangi kwa sababu ulikuwa nje, kwenye mvuke. Hakuna kilichouonyesha hali ya ndani.

Tulibadilisha mambo manne. Mapipa yaliondolewa, vikaja vikapu vya waya. Mifuko ikajazwa robo tatu, midomo ikafungwa kwa kulegeza, na ikaachwa nafasi kati yake. Vali ya kutolea hewa ikaachwa wazi hadi kipimajoto cha bomba la chini kionyeshe kwamba kinachotoka ni mvuke mtupu. Geji ikafikishwa 1.25, na muda ukawa dakika 60, ukihesabiwa tangu joto la bomba la chini lifike 121, wala si tangu swichi iwashwe. Vichupa vilivyofuata vilibaki zambarau.

Kama bajeti inaruhusu, omba mashine yenye pampu ya vakiumu, inayonyonya hewa mara kadhaa kabla ya kupasha. Muulize muuzaji swali moja: hewa inayonyonywa mwanzoni inapita wapi? Imetoka kwenye taka ambazo bado hazijatibiwa, kwa hiyo lazima ipite kwenye kichujio cha vijidudu au ipashwe kwanza.

Na umeme ukikatika dakika ya 40, saa inaanza sifuri joto likirudi. Wahudumu huliona hili kama ukali. Wape sababu, watakuelewa.

3. Maikrowevu inapasha maji

Watu huuliza kama ni ile ya jikoni. Mawimbi ni ya aina moja, lakini mashine ya taka ni mfumo mzima. Katika aina kubwa, taka husagwa kwanza, hunyunyiziwa maji au mvuke, kisha hupashwa hadi karibu nyuzi 100 na kushikiliwa hapo, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi. Mawimbi huchangamsha molekuli za maji, na ni mvuke wa maji hayo unaoua. Shashi kavu isiyoloweshwa itabaki na ubaridi wake, ndiyo maana unyevu unapaswa kukaguliwa kwa uangalifu kama presha kwenye otoklevu. Kipimo chake cha spora nacho hutumia bakteria wengine, *Bacillus atrophaeus*.

Faida zake ni za kweli. Haina boila wala mtungi wa presha kubwa, na taka hutoka zimesagwa, hazitambuliki. Udhaifu wake uko kwenye visu vya kusagia. Mkasi wa upasuaji uliosahaulika ndani ya shuka la karatasi unaweza kuvikwamisha, na vinakwama upande ambao taka bado ni mbichi. Fundi asifungue mlango wa kinu kabla mvuke haujapitishwa humo kwanza. Hospitali iliyo mbali na mtu wa vipuri, yenye umeme wa kukatikakatika, ningeishauri ichukue otoklevu. Ya mjini, yenye umeme imara wa fezi tatu na mkataba wa matengenezo unaoheshimiwa, inaweza kuchagua maikrowevu bila wasiwasi.

4. Harufu ya jiki mlangoni ni amri ya kusimama

Wodi nyingi zimezoea kuloweka mabomba ya sindano kwenye jiki kabla ya kuyatupa. Kwa tanuri lilikuwa jambo la kawaida. Kwenye otoklevu, klorini ile hupanda na mvuke, humpiga mhudumu kifuani anapofungua mlango, na hula chuma cha mtungi taratibu. Kaa na metroni, mkubaliane kwamba kinachoenda kwenye mashine hakilowekwi.

Vivyo hivyo kwa kipimajoto cha zebaki kilichovunjika: zebaki hugeuka mvuke na kuingia chumba kizima. Dawa za saratani na dawa zilizoisha muda haziharibiwi na nyuzi 121. Kondo la nyuma liende kwenye shimo lake, kwa heshima yake, na pia kwa sababu nyama nene haipitishi joto hadi kiini.

5. Taka zilizotibiwa bado zinafanana na taka

Mzunguko ukiisha unatoa mifuko iliyonywea, yenye maji, mizito. Sindano haina maambukizi lakini bado inachoma, kwa hiyo glavu nene hazivuliwi na visanduku vya usalama havifunguliwi. Dereva wa gari la halmashauri ataona damu iliyokauka kwenye bomba na atakataa kupakia, na ana haki ya kuogopa. Mkaribishe msimamizi wake aone kipimo cha spora kwa macho yake, mkubaliane kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza.

Kila mzigo upewe namba. Daftari liandike uzito, saa joto lilipofika, joto la chini kabisa lililosomwa, na jina la aliyekuwa zamu. Siku ya kipimo cha spora, mizigo ibaki kwenye chumba kilichofungwa hadi majibu yatoke, saa 24 hadi 48. Kichupa kikigeuka njano, namba hizo ndizo zitakazokuambia mifuko ipi irudi ndani ya mtungi, na ipi ya siku zilizotangulia imeshaondoka kwenda dampo.