Kimo cha Jengo na Utata wa Neno "Ghorofa"

Mtu akiambiwa kuwa jengo fulani mjini Kisii lina "ghorofa nne", hana budi kuuliza kwanza iwapo sehemu ya chini imehesabiwa. Wapo wanaoijumuisha, na wapo wanaoanza kuhesabu juu yake. Utata huu wa kimsamiati huzaa kosa la takriban mita 3, kwani hicho ndicho kimo cha kawaida cha ghorofa ya makazi, kutoka sakafu hadi sakafu.

Tuchukue jengo lenye maduka chini na ghorofa 4 za makazi juu yake. Maduka aghalabu huwa na dari ya juu zaidi, hivyo tuyakadirie mita 4. Makazi ni mita 12, na ukuta wa ukingo wa paa mita 1. Jumla ni mita 17. Lakini Kisii, sawa na Nyamira, ni nchi ya vilima. Jengo lilo hilo, likitazamwa kutoka upande wa bondeni, huenda likafichua ghorofa moja zaidi, na kimo kikawa mita 20. Kwa hiyo mkadiriaji sharti aseme amesimama wapi.

Anayeshuku kadirio la mita 3 na ahesabu vidato vya ngazi: vidato 18 vya sentimita 17 ni sentimita 306. Kipimo hiki hakifai kwa majengo ya ofisi. Jumba la KICC jijini Nairobi, lililokamilika mwaka 1973, lina ghorofa 28 na kimo cha mita 105, yaani wastani wa mita 3.75.