Sebule ya Nakshi, Mpangilio Uleule

Kabla ya kwenda kwa fundi, chukua selotepu ubandike sakafuni alama za kila samani iliyopo. Kitakachoingia kikae ndani ya alama hizo. Samani za nakshi ni nene kuliko zinavyoonekana dukani: kiti cha enzi, kwa mfano, kina kibao cha kuwekea miguu kinachotokeza mbele, nacho hakihesabiki ukipima kwa kukodolea macho.

Tuseme sebule ina kochi la kijivu la sentimita 200 kwa 85, na mbele yake meza ya kioo ya 110 kwa 60, kimo 40. Anzia mezani. Kasha la Kizanzibari lenye urefu wa 100, upana wa 50 na kimo kisichozidi 45 linaingia palepale, na mapito kati yake na kochi hayapungui. Ila kifuniko cha kasha hufunguka kwenda juu, kwa hiyo kila ukitaka shuka utaondoa vikombe vyote. Tafuta lenye saraka chini, hapo hutagusa kifuniko. Kochi lenyewe libadilishe kwa benchi la mbao la vipimo vilevile, lenye nakshi mgongoni tu na godoro jembamba la kukalia. Nakshi ikijaa hadi kwenye mikono na miguu, chumba kinaelemewa.

Mbao ziwe mninga, mvule au msaji. Wapo wanaopaka rangi mwembe ukafanana na mninga, na mwembe hushambuliwa upesi na bungua. Geuza samani uangalie upande wa chini usiopakwa: kama ni mweupe, au kuna vitundu vinavyomwaga unga laini, achana nayo. Halafu fuata mistari ya mti kwa kidole. Ikikatika ghafla pale ua linapoanzia, hilo ua limegandishwa kwa gundi, na joto litalibandua.

Kuta nyeupe ziache. Nyumba za kale za Lamu zilipigwa chokaa nyeupe, na mbao nyeusi zikakaa mbele yake zikapendeza. Kinachofanya sebule ya kisasa ionekane baridi ni taa mara nyingi. Weka balbu ya mwanga wa manjano, ile iliyoandikwa 2700K, kisha uongeze taa ya pembeni. Nakshi huonekana kwa vivuli vyake. Mwanga wa darini moja kwa moja huifuta yote.

Vanishi nzito nayo huziba mikato ya patasi. Mwambie fundi apake nta ya nyuki kwa brashi, aifute kwa kitambaa. Pesa zikitosha samani moja tu, nunua kasha na balbu, benchi lisubiri.