Amri Iliyopigwa Picha: Isome Kipande kwa Kipande Kabla ya Kuichapa

Wahudumu wengi wa kompyuta katika ofisi, shule na vyama vya ushirika vya Kisii na Nyamira hupokea msaada kwa njia ya picha. Mwenzao anapiga skrini kwa simu, anaituma, na anayepokea anaichapa herufi kwa herufi kwenye seva yake. Katika somo la toleo hili tunachukua amri moja ya aina hiyo, tunaifungua kipande kwa kipande, kisha tunaiandika upya kwa njia iliyo salama zaidi. Ni amri inayopendwa sana seva inapokaribia kujaa:

```
# cd /srv/soko; find . -mtime +30 | xargs rm -rf
```

Kwa mfano wetu, chukulia kwamba folda ya /srv/soko ina bei za masoko ya kaunti zote mbili. Ndani yake kila eneo bunge lina folda yake: Bobasi, Bonchari, Bomachoge Borabu na kadhalika kwa upande wa Kisii, Borabu na mengine kwa upande wa Nyamira. Kila folda ina faili ya ndizi.csv. Mwenye seva anataka kuondoa faili za zamani tu.

Kwanza, picha yenyewe

Alama ya # iliyo mwanzoni si sehemu ya amri. Inaonyesha kwamba aliyepigwa picha alikuwa ameingia kama msimamizi mkuu, ambaye kompyuta haimkatalii karibu lolote. Mtumiaji wa kawaida huona alama ya $. Kwa hiyo kabla hujasoma amri, picha imeshakuambia kwamba kosa lolote hapa halitazuiwa na ruhusa za faili.

Picha pia huficha mambo. Mstari wima | hufanana na herufi l, na l hufanana na tarakimu 1. Mwisho wa mstari unaweza kuwa umekatwa na ukingo wa picha. Kigumu zaidi kuona ni nafasi tupu. Mwaka wa 2011, hati ya kusakinisha programu iitwayo Bumblebee ilikuwa na nafasi moja ya ziada baada ya neno /usr katika amri ya rm -rf. Badala ya kufuta folda moja ndogo iliyo ndani ya /usr, ikafuta /usr nzima, mahali zinapokaa programu nyingi za Linux. Nafasi moja ilitosha. Tutaona kwamba amri yetu ina ugonjwa huohuo, ingawa aliyeichapa hakukosea hata herufi moja.

Sasa vipande

cd /srv/soko inasema: ingia katika folda hiyo. Nukta-mkato inayofuata inasema: ukimaliza, endelea na amri ya pili, uwe umefaulu au umeshindwa. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Ukikosea jina la folda, cd inalalamika kwa mstari mmoja na kubaki ilipo, lakini kazi ya kufuta inaendelea palepale uliposimama, pengine katika folda yako ya nyumbani. Dawa ni alama mbili za &&, ambazo maana yake ni: endelea tu ikiwa ya kwanza imefaulu.

find . inatembea ndani ya folda uliyomo na kila folda iliyo chini yake. -mtime +30 inachagua vitu ambavyo havijabadilika kwa zaidi ya siku 30. Kompyuta huhesabu siku kamili za saa 24 na kutupa masalio, kwa hiyo kitu chenye siku 30 na saa 20 hakichaguliwi. Ni lazima kitimize siku 31.

Tumesema "vitu" kwa makusudi, kwa sababu amri hii haijasema faili. Inachagua folda pia, na umri wa folda si umri wa faili zilizomo. Tarehe ya folda hubadilika faili inapoongezwa, inapoondolewa au inapopewa jina jipya ndani yake. Mstari mpya ukiongezwa mwishoni mwa faili iliyokuwepo, tarehe ya faili hubadilika lakini ya folda hubaki ilivyokuwa. Tuseme Bobasi haijaongezewa faili mpya kwa miezi miwili, ila bei za leo asubuhi zimeandikwa mwishoni mwa ndizi.csv. find itaihesabu folda ya Bobasi kuwa ya zamani, na rm -rf itaibeba pamoja na bei za leo.

Mstari wima unapeleka orodha hiyo kwa xargs, ambayo kazi yake ni kuchukua majina na kuyakabidhi kwa amri nyingine. Kasoro ni kwamba xargs, isipoambiwa vingine, hukata orodha kila inapokutana na nafasi tupu. Haijui kwamba Bomachoge Borabu ni jina moja. Kwake ni mawili. Hata alama ya mnukuo iliyo ndani ya neno kama ng'ombe huichanganya, nayo hulalamika kwamba mnukuo haukufungwa.

Mwisho ni rm -rf. Herufi r inamaanisha futa folda na vyote vilivyomo. F inamaanisha usiulize, na usilalamike ukikosa kitu ulichoambiwa ufute.

Vipande vinapokutana

Huna haja ya kuamini maneno yetu. Fungua folda ya mazoezi, mbali na data yoyote halisi, uchape mistari hii:

```
mkdir ~/zoezi && cd ~/zoezi
mkdir "Bomachoge Borabu" Borabu
touch "Bomachoge Borabu/ndizi.csv" Borabu/ndizi.csv
touch -d '40 days ago' "Bomachoge Borabu/ndizi.csv"
touch -d '40 days ago' "Bomachoge Borabu"
find . -mtime +30 | xargs -n 1 echo
```

Mistari ya kati inaipa folda ya Bomachoge Borabu na faili yake umri wa siku 40. Folda ya Borabu ni ya leo. Katika mstari wa mwisho tumeweka echo mahali pa rm -rf, ili kompyuta itutajie majina bila kufuta chochote. Itajibu hivi:

```
./Bomachoge
Borabu
./Bomachoge
Borabu/ndizi.csv
```

Soma jibu hilo polepole. Folda iitwayo Bomachoge haipo, na kwa sababu ya ile f, rm ingepita bila kusema neno. Borabu ipo, nayo ni eneo bunge la Nyamira ambalo halikuhusika kabisa. Kama echo ingekuwa rm -rf, folda nzima ya Borabu ingefutika na data yake ya leo, huku ya Bomachoge Borabu iliyokusudiwa ikibaki salama. Skrini ingekaa kimya, na mwenye seva angedhani kazi imekwenda vizuri.

Kuiandika upya

Kazi hii si lazima iwe mstari mmoja. Tutaigawa katika hatua nne zinazotumia orodha moja, ili kile unachokitazama ndicho unachokihifadhi, na ndicho unachokifuta. Ingia kama mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya folda ya soko pekee.

Hatua ya kwanza inatengeneza orodha:

```
cd /srv/soko && find . -type f -name '*.csv' \
  -mtime +30 -print0 > ~/orodha
```

Mkwaju wa kinyume mwishoni mwa mstari wa kwanza unasema tu kwamba amri inaendelea mstari unaofuata. -type f inachagua faili tu, kwa hiyo folda haziguswi. '*.csv' imewekwa ndani ya alama za mnukuo ili nyota iifikie find ikiwa nzima. -print0 inatenganisha majina kwa alama ya sifuri isiyoonekana, ambayo haiwezi kuwa ndani ya jina la faili lolote. Kwa hiyo Bomachoge Borabu inabaki jina moja.

Hatua ya pili ni kuisoma orodha kwa macho, kisha kuhesabu:

```
tr '\0' '\n' < ~/orodha
tr '\0' '\n' < ~/orodha | wc -l
```

Ukiona jina hata moja lisilostahili kuwepo, simama hapo.

Hatua ya tatu inaweka nakala katika kifurushi kimoja, kisha inahesabu vilivyomo:

```
tar -czf ~/soko-zamani.tar.gz --null -T ~/orodha
tar -tzf ~/soko-zamani.tar.gz | wc -l
```

Idadi hii ilingane na ile ya hatua ya pili. Isipolingana, au tar ikitoa lalamiko lolote, usiendelee. Kifurushi hicho ukinakili kwenye diski nyingine, kwa sababu nakala iliyo kwenye diski ileile hupotea pamoja na diski yenyewe.

Hatua ya nne ndiyo inayofuta:

```
xargs -0 rm -v -- < ~/orodha
```

-0 inaiambia xargs ikate kwenye alama ya sifuri tu. Tumeondoa r, kwa kuwa hatufuti folda, na tumeondoa f, ili kosa lolote lisemwe. -v inataja kila faili inapofutwa. Vistari viwili -- vinazuia jina linaloanza na kistari lisidhaniwe kuwa sehemu ya amri.

Fanya hatua zote nne kwa kikao kimoja. Orodha haijui kilichotokea baada ya kuandikwa; mtu akiongeza bei katika faili iliyomo kesho yake, orodha itaendelea kuiita ya zamani.

Rekodi za ofisi ya umma zina sharti jingine. Kuziangamiza kunafuata utaratibu wa sheria ya hifadhi ya nyaraka za umma, Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, na umri wa siku 30 peke yake haumpi mhudumu wa seva ruhusa hiyo. Zungumza kwanza na afisa wa rekodi wa idara yako. Mara nyingi hatua ya tatu, kifurushi kikihamishiwa mahali pengine penye idhini, ndiyo unayohitaji.

Na kama tayari umeichapa ile amri ya kwanza: rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Bonyeza Ctrl na C pamoja kuisimamisha, usiandike chochote kipya kwenye diski hiyo, na mwite anayetunza nakala za akiba. Mpe ile picha pia, kwa sababu kwa kuisoma ataweza kujua ni majina gani yaliyokatwa na ni folda zipi za kuangalia kwanza.