Masomo ya Jioni kwa Watahiniwa wa Kidato cha Nne: Tunayofundisha, Ada Zake, na Namna ya Kuchagua Somo

Kwa wazazi na walezi wa Tanga

Sisi walimu tulioshirikiana kufungua madarasa haya ya jioni, wengi wetu tukiwa tumestaafu baada ya miaka mingi ya kushika chaki, tunafundisha masomo tisa ya mtihani wa Kidato cha Nne unaotungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, nayo ni Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Historia, Jiografia, Uraia, Biolojia, Kemia na Fizikia. Ada tutazitaja bayana hapa chini. Walakini kabla mzazi hajafungua mkoba wake, twamwomba kwa taadhima asome kwanza hesabu moja, kwa sababu tumeona mara nyingi fedha iliyopatikana kwa taabu ikitumika katika somo lisiloweza kubadili matokeo ya mwana, ilhali somo jingine, lililotaka msaada wa majuma machache tu, likiachwa ukiwa.

Hesabu ya pointi

Mtahiniwa apataye alama 75 na zaidi hupewa A, ambayo ni pointi 1. Kuanzia 65 ni B, pointi 2. Kuanzia 45 ni C, pointi 3. Kuanzia 30 ni D, pointi 4. Na zilizo chini ya hapo ni F, pointi 5. Katika masomo yote aliyoyafanya huchukuliwa saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa, na kadiri jumla inavyopungua ndivyo daraja linavyopanda: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne.

Sasa na tumfikirie binti aliyerudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa utamilifu, akiwa na Kiswahili 68, Uraia 47, Biolojia 46, Kiingereza 44, Historia 43, Jiografia 41, Kemia 33, Fizikia 22 na Hisabati 14. Aghalabu baba huitupia jicho karatasi hiyo, macho yakamganda kwenye 14 na 22, na siku hiyo hiyo akaenda kumtafutia mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia. Lakini masomo saba bora ya binti huyu ni yale saba ya mwanzo, yenye pointi 2, 3, 3, 4, 4, 4 na 4, jumla 24, nalo ni daraja la tatu. Hata akijitahidi Fizikia ikafika 30, atakuwa amepata D nyingine ya pointi 4, na jumla itabaki 24 vile vile. Bali Kiingereza kimepungukiwa na alama 1 tu kufikia C, Historia alama 2, na Jiografia alama 4. Hayo matatu yakivuka, jumla inakuwa 21, naye yumo katika daraja la pili.

Hatusemi kwamba Hisabati na Fizikia zitupwe. Kijana mwenye azma ya kusomea uuguzi au utabibu hana budi kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, na kwake yeye ile Fizikia ya 22 ndiyo mlango wenyewe, hata kama haiongezi kitu katika daraja. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa kila mwanafunzi ni anataka kwenda wapi baada ya mtihani. Jibu lake likishajulikana ndipo hesabu ya pointi huwa na maana. Vile vile mtu aliyepata 14 katika Hisabati mwezi wa Agosti, hali mtihani ni Novemba, hatutamwahidi mzazi wake C, kwa kuwa upungufu wake mara nyingi ulianza katika sehemu na desimali za shule ya msingi, na kazi ya namna hiyo hudai mwaka mzima.

Alama zinakopotelea

Mwanafunzi akija kwetu hatuanzi kwa kumfundisha. Twaketi naye na karatasi zake zilizosahihishwa, tukatafuta kila alama iliyopotea na sababu yake. Katika Jiografia, kwa mfano, huulizwa masafa ya njia kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000. Mwanafunzi hulaza uzi juu ya barabara, akaufuata kila mpindo, akaunyoosha kwenye rula na kupata sentimita 9, na mpaka hapo amefanya sawasawa kabisa. Kisha huzidisha 9 kwa 50,000, akapata sentimita 450,000, nazo badala ya kuzigawanya kwa 100,000, ambazo ndizo sentimita za kilomita moja, huzigawanya kwa 10,000, akaandika kilomita 45 pale penye kilomita 4.5. Huyu hana haja ya kufundishwa ramani upya. Ana haja ya kuzoezwa kujiuliza kama kijiji na kijiji cha jirani vyaweza kuwa baidi kiasi hicho, na kukumbuka kwamba kwa kipimo hicho sentimita 2 ni kilomita 1.

Historia ina ugonjwa mwingine. Swali huuliza sababu za kushindwa kwa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mwanafunzi hujaza kurasa mbili kwa kumsimulia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, simulizi nzuri isiyo na kosa, lakini isiyojibu swali. Somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na yule asiyetofautisha neno linalodai sababu na neno linalodai maelezo hupoteza alama za jambo analolijua barabara kwa Kiswahili. Ndiyo maana mwanafunzi wa Historia mwenye Kiingereza dhaifu twamshauri ayachukue masomo hayo mawili pamoja, maana tiba ni moja.

Ada

Darasa letu halizidi wanafunzi 10. Kila somo lina vipindi viwili kwa juma, kila kimoja saa moja na nusu. Ada ya mwezi kwa somo la lugha, Historia, Jiografia, Uraia au Hisabati ni shilingi 20,000, na kwa Fizikia, Kemia au Biolojia ni shilingi 25,000, kwa sababu ya kemikali na vifaa vya mazoezi ya vitendo. Anayetaka mwalimu wa peke yake atalipa shilingi 10,000 kwa saa. Kikao cha kwanza cha kuchambua karatasi hakilipiwi.

Binti wa mfano wetu, kwa masomo yake matatu, angelipa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kuanzia Agosti hadi Oktoba, na angekaa darasani saa 9 kwa juma. Falau baba yake angemwandikisha masomo yote tisa, ada ingekuwa 195,000 kwa mwezi na saa zingefika 27 kwa juma juu ya zile za shule, asipate tena wasaa wa kufanya zoezi hata moja peke yake. Na mzazi akituomba hivyo, hatumpokei.

Hatuuzi wala hatuonyeshi karatasi iitwayo ya mtihani ujao. Anayeinadi karatasi hiyo ama ni mlaghai, ama anamtia mtoto katika hatari ya kufutiwa matokeo.

Anayekuja kujiandikisha aje na karatasi zake zilizosahihishwa za mtihani wa utamilifu, si ripoti ya alama peke yake. Ada hupokelewa mwisho wa kila mwezi kwa risiti, na kipindi ambacho mwalimu wetu hakufika hukatwa katika ada hiyo. Vipindi vya wasichana huisha kabla ya magharibi.